Asumini au Marashi: Kaswida kwa Mwendo wa Taarab

Mfunguo Sita ukiingia, maulidi husomwa kila upande wa mwambao: misikitini, viwanjani, hata uani mwa nyumba za watu. Katikati ya milango ya Barzanji husimama vijana wa madrasa, kanzu zimepigwa pasi, wakaleta kaswida. Siku hizi kaswida nyingi zina mwendo ambao mtu wa Unguja, Tanga au Mombasa anautambua kabla maneno hayajaanza. Ni mwendo wa taarab. Baadhi ya wazee huinamisha vichwa kwa raha. Wengine hukunja nyuso, wakangoja lini mtu atainuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji.

Wote wana sababu zao, na ubishi wenyewe si wa jana. Kule Lamu, Habib Swaleh, aliyeasisi Msikiti wa Riyadha, alipoyasomesha Maulidi ya Habshi kwa matari, wapo wakubwa wa mji waliokataa katakata kuona ngozi ikipigwa penye ibada. Leo maulidi hayo ya Lamu yanavuta wageni kutoka pwani nzima, na matari yake ndiyo yanayosubiriwa.

Taarab nayo haikutoka mbali na dini kama tunavyodhani. Iliingia Unguja zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888 na aliyependa muziki wa Misri, na klabu ya Ikhwani Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905 ilikuwa inaangalia Misri vilevile. Sasa tazama nani walikuwa waimbaji wa Misri. Ummu Kulthum, ambaye sauti yake imefunza waimbaji wetu wengi, alianza utotoni akiimba na baba yake, imamu wa kijijini, katika shughuli za maulidi na harusi. Alipokuwa gwiji, katika miaka ya 1940, aliimba mashairi ya Ahmad Shawqi ya kumsifu Mtume, yakiwa yametiwa sauti na Riyad al-Sunbati kwa bendi kamili. Maqamu za taarab, yaani Rasti, Bayati, Hijazi na nyinginezo, ndizo anazopitia msomaji wa Kurani pia. Kwa hiyo anayesema kwamba kaswida ikipigwa Bayati imekuwa taarab, angepaswa kuwa na neno na msomaji wa msikitini kwake vilevile.

Basi kama maqamu si tatizo, kaswida huharibikia wapi? Kwa nilivyosikiliza na kushiriki, mara nyingi huharibikia kwenye maneno kabla ya kufika kwenye ngoma. Taarab imejengwa juu ya fumbo. Mtunzi anamsema mtu bila kumtaja, na kila aliyekaa ukumbini ana ruhusa ya kumtia anayemjua ndani ya fumbo lile. Ndiyo maana mwanamke huinuka kwenye mstari fulani akaenda kutunza: mstari ule ameuchukua, umekuwa wake, na aliyekusudiwa kwenye kiti cha tatu ameelewa. Bila uficho huo taarab haina utamu. Kaswida inataka kinyume chake. Anayesifiwa lazima ajulikane, tena mapema, mtu asipate nafasi ya kumweka mwingine mahali pake.

Nitunge ubeti nionyeshe. Nachukua bahari ya wimbo, ile ambayo nyimbo nyingi za taarab zimepita humo: mistari mitatu, kila mstari vipande viwili, kila kipande mizani minane. Kijana aliyekulia kwenye taarab, akiambiwa atunge kaswida ya kumsifu Mtume, huenda akaleta hivi:

Asumini wa moyoni, harufu yako tamamu,
Usiku silali ndani, kwa kukuwaza dawamu,
Njoo kwangu masikini, unipoze yangu hamu.

Mizani imetimia, vina vimekaa, na mtunzi alikuwa na nia safi. Lakini upeleke ubeti huu kwenye usiku wa harusi uone kama kuna atakayeshtuka. Hatashtuka mtu. Hakuna neno hata moja ndani yake linalomtaja Mtume, wala Madina, wala Mola. Kuna "wewe" tu, na "wewe" huyo yuko wazi kwa yeyote. Wako watakaosema kwamba washairi wa kisufi walizungumza na Mtume kwa lugha ya mahaba karne na karne, na ni kweli. Tofauti ni kwamba walikuwa wakisikilizwa na watu waliokwisha kukaa katika duara la dhikiri, wanaojua wamekuja kumsifu nani. Kaswida ya leo inachezwa redioni katikati ya nyimbo nyingine, inarushwa kwenye simu, inasikika dukani. Duara halipo. Kazi ya kumtambulisha anayesifiwa imeubakia ubeti wenyewe.

Tatizo la pili ni asumini yenyewe. Ua halina dhambi, ila kila taswira katika ushairi wetu ina kwake, na kwake asumini ni chumbani kwa bwana harusi. Asumini hutungwa kikuba, huvishwa bi harusi, hutandazwa kitandani. Msikilizaji wa mwambao akisikia asumini usiku na mtu asiyelala, ameshafika kule, na hakuna sauti ya kaswida itakayomrudisha haraka. Marashi ya mawaridi ni mambo mengine. Mtu akiingia kwenye maulidi hupokewa na mrashi, akanyunyiziwa viganjani, akajipaka usoni, huku chetezo cha ubani na udi kikizungushwa. Harufu ile msikilizaji anayo tayari mikononi wakati kaswida inaanza. Mtunzi mwenye akili atatunga kutoka kwenye harufu iliyopo shughulini, aiache ile iliyobaki harusini.

Tatizo la tatu liko kwenye mstari wa mwisho, na hili ndilo masheikh hulikamata kwanza. Haja ya moyo inaombwa kwa nani? "Unipoze yangu hamu" imeelekezwa kwa anayesifiwa. Wapo wanaolivumilia na wapo wanaoliona kosa kubwa, lakini mtunzi hana sababu ya kuingiza mgogoro huo ndani ya wimbo wa watoto wa madrasa. Sifa ziende kwa Mtume, dua iende kwa Mola. Ubeti ukatoka hivi:

Ni marashi ya Madina, Mtume wetu Karimu,
Usiku nataja jina, kwa swala na kwa salamu,
Rabi tupe kumuona, siku ya kiu na hamu.

Harufu imebaki, usiku umebaki, na ile hamu imebaki. Lakini sasa harufu ina mji, na mwenyewe ametajwa kabla mstari wa kwanza haujakwisha. Kukesha kumekuwa kukesha kwa kumswalia. Kiu cha mstari wa tatu kinampeleka msikilizaji kwenye hodhi ya Mtume siku ya Kiyama, bila kuhubiri. Na "wewe" ametoka. Mtume anasemwa kwa kutajwa, na anayeitwa ana kwa ana ni Rabi peke yake. Mabadiliko hayo ni ya maneno tu, ila ukumbini yanaondoa kabisa nafasi ya mtu kuinuka na noti.

Sina maana kwamba kaswida iwe kavu, isiyo na taswira. Ushairi wetu wa dini una picha kali kuliko taarab nyingi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anauonyesha moyo wake majumba ya Pate yaliyobaki magofu, na dunia anaifananisha na bahari iliyochafuka, yenye miamba. Bahari na chombo ni mali ya taarab pia: humo chombo huwa ni mpenzi, nahodha huwa ni mume, na mkondo ni mambo ya ndani. Tofauti ni kwamba Sayyid Abdallah anaitaja dunia na bahari pamoja, kitu na mfano wake vikiwa uso kwa uso, wala hamwachii msikilizaji akisie. Kwa hiyo chombo kinaweza kuingia kwenye kaswida bila shida, mradi nahodha wake ajulikane.

Maneno yakishatulia, ndipo ngoma. Hapa watu hulaumu kitu kisicho na kosa. Wanasema dumbaki limeingia, utukufu umetoka. Dumbaki na tari vyote ni ngozi iliyowambwa, na vyote vina pigo zito la katikati na pigo jepesi la ukingoni. Kinachoamua ni wapi pigo zito linaanguka, na kwa kasi gani. Katika miendo ya taratibu ya taarab ya zamani, ile yenye asili ya Misri, pigo zito hufungua mzunguko, kisha mapigo mepesi yanasindikiza. Mwili wa msikilizaji unajua mwanzo uko wapi, ukatulia. Kwa kipimo changu, mwendo kama huo ukichezwa karibu na mapigo 70 kwa dakika, watu hukaa na kuyumba kidogo. Ukiupandisha kufika 110 mabega huanza, na wimbo uleule, wenye maneno yaleyale, umehama.

Mwendo nao una kumbukumbu. Chakacha ya Mombasa ni ngoma ya wanawake ya harusini, ngoma ya kiuno, na ilipoingizwa kwenye taarab iliingia na kiuno chake. Kidumbaki cha Unguja, na fidla yake, sanduku lake, mkwasa wake na cherewa zake, ni cha kuchezwa. Hakuna anayekwenda kwenye kidumbaki kukaa. Unaweza kuvipunguza kasi unavyotaka, mwili wa mtu wa pwani utavikumbuka. Mimi kwa kaswida ningeviacha vyote viwili, si kwa sababu ni haramu zaidi ya vingine, ila kwa sababu vimekwisha kufunzwa kazi nyingine. Taarab ya rusha roho, yenye ngoma za kwenye kinanda na mipasho waziwazi, nadhani haihitaji mjadala.

Jambo hilohilo liko kwenye sauti ya wimbo. Kaswida nyingi hutungwa kwa kuchukua sauti ya wimbo unaojulikana na kuutilia maneno ya dini, na desturi hiyo ni ya zamani. Hatari yake ni kwamba wimbo maarufu haukubali kufutika. Kipimo ni rahisi: mhumie sauti hiyo, bila neno hata moja, mwanamke anayekwenda harusini kila wiki. Akikujibu kwa maneno ya wimbo wa asili, achana nayo. Akikaa kimya akasikiliza, au akasema inafanana na kitu lakini hakikumbuki, unaweza kuendelea.

Jambo ninaloliona linasahauliwa zaidi kuliko yote ni nafasi tupu. Katika taarab, mwimbaji akimaliza kipande, fidla na kanuni humjibu. Ukwapi, jibu la ala, halafu utao. Majibu hayo ndiyo yanayoipa taarab pumzi yake, na mtunzi wa kaswida akiyachukua bila kuangalia atakuja kutamka maneno asiyoyakusudia. Chukua mstari huu wa tauhidi:

Hapana mola wa haki, isipokuwa Jalali.

Ukiusoma kwa mdomo hauna neno. Ukiuimba kwa desturi ya taarab, mwimbaji anatua kwenye "hapana mola wa haki", fidla zinaingia, zinazunguka, labda mapigo manane mazima, na ukumbi umeachwa na ukanushaji mtupu unaoning'inia hewani. Wanafunzi wa chuoni hufundishwa tangu wadogo wasikate pumzi mahali kama hapo wanaposoma. Katika wimbo kosa ni lile lile, na kwa sababu limepambwa, ni zito zaidi. Dawa ni kuupindua mstari ili kila kipande kisimame peke yake:

Mola mmoja wa haki, wala hana mshirika.

Sasa fidla ziingie zitakapo. Kipande cha kwanza kimethibitisha, na cha pili kinakanusha kilichopaswa kukanushwa. Vivyo hivyo kwa majina. Waimbaji wa taarab hupenda kuirefusha irabu moja na kuipitisha juu na chini kabla ya kumaliza neno, na kwenye neno la kawaida hilo ni pambo. Jina la Mtume lisikatwe katikati kwa ajili ya pambo, wala lisitenganishwe silabi zake na pigo la ngoma likaingia kati. Marefusho yawekwe kwenye neno linaloweza kuyabeba: kwenye "Madina" pale juu, au kwenye "hamu" ya mwisho, ambako hata maana inadai kurefushwa. Na kwa kuwa Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, pigo zito likiangukia "-di-" ya Madina neno linakaa. Likiangukia "-na" linasikika kama limetoka kwa mtu asiyejua lugha.

Nafasi tupu hizo zina faida nyingine ambayo taarab haina. Jina la Mtume likitajwa, waliohudhuria humswalia. Hawaambiwi, inatoka yenyewe. Mtunzi anayejua shughuli hii hujenga wimbo wake ukitarajia hilo: baada ya "Mtume wetu Karimu" ala zinashuka, tari linabaki kwa kidole, na kwa mapigo manane hakuna anayeimba jukwaani. Watu ndio wanaojaza. Pale ambapo ukumbi wa taarab ungesikia fidla, hapa husikia sauti za waliokaa mkekani. Vikundi vingi huogopa nafasi hiyo, wakaizibia kwa kinanda, kisha wakashangaa kwa nini watu wamekaa kama wanaotazama onyesho. Nimeona kaswida ileile ikipokelewa kwa ubaridi jukwaani na kuitikiwa na nyumba nzima uani, na kilichobadilika ni mpiga kinanda tu: uani hakuwepo.

Kiitikio kifuate mantiki hiyo. Kiwe kifupi, kishikike mara ya pili tu, na kisiwe na fumbo lolote. Kwa ubeti wetu ningeweka hiki:

Mola msalie Twaha, jamaa na masahaba.

Mizani minane kwa minane, sawa na mistari ya beti, ili mpiga tari asibadili chochote. Vina vyake havifanani na vya ubeti, na hilo ni la makusudi. Sikio hutambua kwamba limetoka kwa msomaji na kuingia kwa jamaa, kisha "-mu" ya beti inaporudi, msomaji amerudi.

Ukumbi nao unakuambia kama umefaulu, ukiutazama. Mtu akiinuka na pesa, angalia ni mstari gani uliomwinua. Ukiwa ni mstari mmoja kila mahali unapoimba, mstari huo una fumbo ambalo hukuliona, na watu wamekwisha kulitumia. Ukiwa ni ubeti tofauti kila mara, huenda ni mapenzi ya sauti tu, na suala lako liko kwa mwimbaji na namna anavyosimama: mkono kiunoni, macho yakizunguka ukumbini, tabasamu la kujua siri. Ishara hizo ni lugha kamili katika taarab. Wanaosoma Maulidi ya Homu Unguja, kwa mfano, hupiga magoti kwa mstari mmoja na kujongeza miili yao pamoja, na ingawa kuna mwendo mwingi kuliko hata kwenye taarab, hakuna anayejitenga na mstari. Msikilizaji hana mtu mmoja wa kumkazia macho.

Wako ambao, kwa yote hayo, hawatakubali ala yoyote zaidi ya dufu, na wako ambao hata dufu hawalitaki. Masheikh wamehitilafiana, na mtunzi wa nyimbo si mtu wa kuwaamulia. Anachoweza ni kutunga kitu kinachoimbika katika majlisi zote tatu. Kwa hiyo kabla ya kwenda studio, kaswida iimbwe kwanza bila chochote, sauti na viganja tu. Halafu kwa tari moja. Halafu ndipo kanuni, udi na fidla zije. Ubeti unaolegea ala zikiondolewa ulikuwa umebebwa na ala. Na kinanda, kama lazima kiwepo, kizimwe mdundo wake uliohifadhiwa kiwandani, maana ule hautakoma kwa mapigo manane yale ya watu kumswalia Mtume, utaendelea kupiga tu.